Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: Kusoma hesabu ya faida na hasara ya duka la nafaka

Maswali haya nimeyasikia kwa wenye maduka wa Mwanjelwa, Soweto na Uyole hapa Mbeya, ambao nawasaidia kuandika hesabu zao. Mengi yanatoka kwenye sentensi moja ambayo dada yangu aliniambia mwezi wa tisa ulipoisha: "Mdogo wangu, nauza kutwa nzima, hela siioni." Anauza mchele, maharage na unga wa sembe. Ameniruhusu nitumie hesabu ya mwezi ule kama ilivyo, na nitaishika hiyo hiyo mwanzo hadi mwisho.

Hesabu ya faida na hasara ni kitu gani hasa?

Ni karatasi moja inayosomwa kutoka juu kwenda chini. Juu kabisa ni mauzo. Unatoa kilichokugharimu kuzipata zile bidhaa ulizouza, inabaki faida ghafi. Kutoka hapo unatoa gharama za kuendesha duka, inabaki faida halisi. Ya dada ilikuwa hivi, kwa shilingi:

Mauzo: 8,660,000
Gharama ya bidhaa zilizouzwa: 7,660,000
Faida ghafi: 1,000,000

Pango: 150,000
Msaidizi: 180,000
Mifuko: 60,000
Umeme, mlinzi na usafi: 50,000
Riba ya mkopo wa kikundi: 50,000
Leseni na kodi, sehemu ya mwezi mmoja: 40,000
Nauli na vocha: 20,000
Jumla ya gharama: 550,000

Faida halisi: 450,000

Mstari wa mwisho ndio kila mtu anaukimbilia. Mimi naanza na faida ghafi, kwa sababu kwenye duka la nafaka hela nyingi zinapotea juu ya mstari huo, kwenye gunia na mizani, kabla hazijafika kwenye pango na umeme. Pango unalijua na umeme unauona. Kilo iliyoondoka bila kulipiwa haina risiti.

Gharama ya bidhaa zilizouzwa si ndiyo hela niliyonunulia mzigo mwezi huu?

Hapana, na hili ndilo kosa linaloharibu hesabu nyingi kuliko yote. Mzigo ulionunua tarehe 28 bado umelala stoo. Haujauzwa, kwa hiyo si gharama ya mwezi huu. Na mchele uliouza tarehe 1 uliununua mwezi uliopita.

Njia ni hii: chukua mzigo uliokuwepo siku ya kwanza, jumlisha ulioingia, toa uliobaki siku ya mwisho. Dada alianza na kilo 600 za mchele, akaingiza magunia 24 ya kilo 100, yaani kilo 2,400, na jioni ya tarehe 30 tukapima tukakuta kilo 500. Zilizotoka ni kilo 2,500. Kila kilo ilimgharimu 2,200, hivyo gharama ya mchele uliouzwa ni 5,500,000.

Ndiyo maana lazima uhesabu stoo mara mbili, mwanzo wa mwezi na mwisho. Funga duka saa moja mapema ukapime. Kukadiria kwa macho hakutoshi, maana gunia lililofunguliwa huonekana limejaa nusu wakati lina kilo 38.

Hiyo 2,200 inatoka wapi? Bei ya mashineni ilikuwa chini ya hapo.

Ilikuwa 2,130 kule Igurusi anakonunua. Nauli ya kufika Mbeya ni 5,000 kwa gunia, kupakia na kushusha 2,000. Ukigawa kwa kilo 100 unapata shilingi 70. Hela yote inayotumika mpaka mchele ukae dukani ni bei ya mchele. Ukiiandika nauli chini pamoja na umeme, utaona mchele unakuletea faida ya 370 kwa kilo wakati ukweli ni 300, na siku unapunguza bei kumvutia mteja wa jumla utajikuta umepunguza mpaka chini ya gharama yako.

Nitajuaje mauzo yangu ya siku? Mimi nahesabu hela iliyopo kwenye droo.

Hela ya kwenye droo ni mauzo yaliyokwisha kukatwa. Ulimlipa mlinzi kutoka humo, ukanywa chai, ukachukua ya mboga. Ukiandika kilichobaki kuwa ndiyo mauzo, gharama hizo zinakupunguzia mauzo kimyakimya, na ukija kuziandika tena chini zinakatwa mara mbili.

Siku moja ya dada, jioni, ilikuwa hivi. Droo ina 212,000, na asubuhi aliacha chenji ya 20,000, kwa hiyo iliyoingia na kubaki ni 192,000. Waliolipa kwa Lipa namba ni 61,000. Alimpa mlinzi 5,000, chai 3,000, akachukua 12,000 ya nyumbani: hizo 20,000 zinarudishwa juu. Aliuza kwa mkopo 18,000, nayo inaingia, maana mchele umeshatoka. Lakini kuna mteja alimlipa deni la mwezi wa nane, 10,000, na hiyo inatolewa kwa sababu iliandikwa kuwa mauzo siku ile alipokopa. Mauzo ya siku ni 281,000. Kama angeandika ya kwenye droo tu, angepoteza 89,000 kwenye daftari kwa siku moja.

Kama siku hiyo ungelipia pia mzigo kutoka kwenye droo, nao ungeurudisha.

Nitajuaje ni bidhaa gani inanilipa?

Gawa sehemu ya juu ya hesabu kwa kila bidhaa. Gharama za chini ziache kama zilivyo, usihangaike kugawa pango kati ya mchele na unga.

Mchele: mauzo 6,050,000, gharama 5,500,000, faida ghafi 550,000.
Maharage: mauzo 1,490,000, gharama 1,200,000, faida ghafi 290,000.
Unga: mauzo 1,120,000, gharama 960,000, faida ghafi 160,000.

Dada alijiona muuza mchele. Na kweli, katika kila shilingi 100 za mauzo, 70 ni za mchele. Ila kwenye faida ghafi mchele umeleta 55 tu katika 100. Maharage, ambayo aliyaweka pembeni kwenye madebe mawili, ni shilingi 17 katika 100 za mauzo na yamemletea 29 katika 100 za faida ghafi.

Angalia pia hela iliyolala. Stoo yake ya mchele kwa wastani ilishika kama 1,210,000, ya maharage 300,000. Shilingi iliyokaa kwenye mchele imezalisha senti 45 kwa mwezi, ile ya kwenye maharage karibu senti 97.

Basi niache mchele, niuze maharage?

Usikimbilie huko. Mteja wa mchele ndiye anayenunua maharage nusu kilo akiwa anaondoka. Na soko la maharage lina kikomo: mtaa unaokula kilo 500 kwa mwezi hautakula 1,000 kwa sababu wewe umejaza stoo. Yakikaa, wadudu wanayatoboa na unabaki kuyauza kwa bei ya hasara. Dada aliongeza gunia moja tu, akayaweka mbele yaonekane, na bado tunaangalia.

Mchele umeleta 550,000. Nitajuaje kama hiyo ndiyo ilipaswa kuwa?

Hapa ndipo hesabu inapoanza kusema. Kilo 2,500 zilitoka. Bei yake ni 2,500 kwa kilo, mwezi mzima hakuibadilisha. Zilipaswa kuleta 6,250,000. Daftari linasema 6,050,000. Zimepungua 200,000, sawa na kilo 80 zilizoondoka dukani bila hela. Faida ghafi ilitakiwa iwe 750,000.

Kwenye maharage tofauti ilikuwa 10,000 tu, na kwenye unga hakuna kabisa. Hilo lenyewe ni ushahidi. Unga unakuja umefungwa kwenye mifuko kutoka kiwandani, hakuna anayeupima dukani. Kinachopotea ni kile kinachopita kwenye mizani.

Kama unauza kwa sado au debe, kwanza pima sado yako ya mchele ina kilo ngapi, mara tano, uchukue wastani, ndipo ubadilishe mauzo kuwa kilo. Bila hivyo huwezi kulinganisha.

Kilo 80 zilikwenda wapi? Si msaidizi ameiba?

Dada naye alisema hivyo hivyo, na nilimwomba asimseme kijana wa watu kabla hatujapima. Namshukuru Mungu alinisikiliza.

Tulianza na magunia. Mzigo uliofuata tulipima kila gunia lilipofika: wastani wa kilo 99. Muuzaji kule mashineni anauza "gunia la mia" na hakuna aliyekuwa akilipandisha kwenye mizani. Magunia 24 yanakuwa kilo 24 alizolipia lakini hazikuwahi kufika dukani.

Pili, tulikaa na kijana akapime kilo moja moja kama kawaida yake, mara kumi, kisha tukaziweka zote pamoja kwenye mizani. Zikasoma kilo 10 na gramu 200. Mizani ilikuwa nzima na ina stika ya Wakala wa Vipimo, tatizo lilikuwa mkono. Mteja anasema "ongeza kidogo", kijana anatupia kiganja, na baada ya muda anatupia hata kwa asiyeomba. Gramu 20 kwa kilo. Kwa mwezi alipima rejareja kama kilo 1,300, hivyo zimetoka kilo 26 za kiganja.

Tatu, nyumbani. Jioni dada hujaza mfuko wa kilo moja akaenda kupika. Haandiki, kwa sababu ni mchele wake. Tulikadiria kilo 25 kwa mwezi.

Hapo tumefika 75. Zile 5 zilizobaki ni chenga, vumbi na zilizomwagika chini wakati wa kushusha, na sikuona sababu ya kuzifuatilia. Kwa kilo 2,500, kilo 5 ni kawaida ya kazi.

Kijana hakuiba hata punje.

Mchele ninaokula nyumbani ni hasara?

Si hasara, ni matumizi yako, kama vile ungechukua hela. Uandike kwenye ukurasa wa nyumbani kwa bei uliyonunulia: kilo 25 mara 2,200 ni 55,000. Kisha uitoe kwenye gharama ya bidhaa zilizouzwa. Ukifanya hivyo, faida halisi ya dada ya mwezi wa tisa inapanda kutoka 450,000 hadi 505,000. Duka halikubadilika chochote, ila sasa linasema ukweli: duka lilizalisha zaidi, na nyumba ilikula zaidi.

Kwa hiyo tusijidanganye kwamba zile 200,000 zote zinaokolewa. Zinazorudi kweli ni za magunia na za kiganja. Kulipia kilo zilizofika tu kunaokoa kama 51,000, na kupima sawasawa kunaleta 65,000. Ni 116,000 kwa mwezi, bila kupandisha bei hata shilingi. Ni zaidi ya theluthi mbili ya pango na zaidi ya umeme, mlinzi, usafi na leseni kwa pamoja.

Mteja hatakimbia nikiacha nyongeza?

Wanaoomba waendelee kupewa, ila kwa kipimo. Dada ameweka kikopo kidogo cha plastiki kinachobeba gramu 10 hivi, na ni cha anayenunua kuanzia kilo tatu. Mteja anaona anaongezewa kwa kikopo, anaridhika kuliko alipokuwa anatupiwa bila kuona.

Faida ni 450,000 lakini hela siioni. Imekwenda wapi?

Hili ndilo swali lenyewe la dada, na hesabu ya faida na hasara peke yake hailijibu, kwa sababu haibebi kila hela inayoingia na kutoka. Inabidi uiendeleze chini kwa mistari michache.

Anza na 450,000. Thamani ya stoo ilipungua 100,000: mchele ulishuka kilo 100, maharage yakapanda kilo 50, unga ukabaki vile vile. Kupungua kwa stoo ni hela iliyorudi mkononi, kwa hiyo jumlisha: 550,000. Madeni ya wateja yaliongezeka 180,000 kwa mwezi huo. Ni mauzo yaliyohesabiwa faida lakini hela haijaja. Toa: 370,000. Ya nyumbani 12,000 kila siku kwa siku 30 ni 360,000. Toa: zinabaki 10,000. Marejesho ya mkopo wa kikundi, ule mtaji wenyewe aliokopa mbali na riba, ni 200,000. Toa.

Amemaliza mwezi akiwa na hela pungufu ya alivyoanza kwa 190,000. Duka lina faida na hela imepungua, vyote viwili ni kweli kwa wakati mmoja.

Nilimwona dada akiitazama ile karatasi kwa muda mrefu. Alikuwa anajua kila mstari peke yake, hakuwahi kuiona imepangwa mmoja chini ya mwingine.

Marejesho ya mkopo ni gharama au si gharama?

Riba ni gharama, inaandikwa. Mtaji unaorudisha si gharama, kwa sababu ulipokopa hukuandika kuwa mauzo. Lakini unakula hela ile ile ya droo, ndiyo maana lazima uonekane kwenye ile mistari ya chini. Muulize mweka hazina wa kikundi akugawie kila rejesho: kiasi gani riba, kiasi gani mtaji.

Pango nimelipa la miezi sita. Niandikeje?

Gawa kwa sita, andika sehemu ya mwezi. Leseni ni ya mwaka, gawa kwa kumi na mbili. Kodi ya mapato ya TRA inayolipwa kwa awamu nne za mwaka, gawa kila awamu kwa mitatu. Usipogawa, mwezi uliolipa utaonekana wa hasara na mingine itaonekana mizuri kupita kiasi, na hutaweza kuilinganisha. Dada hiyo 40,000 yake huitenga kweli kwenye laini nyingine ya simu kila mwisho wa mwezi.

Mimi mwenyewe nakaa dukani. Mshahara wangu uko wapi?

Kwenye hesabu hii umo ndani ya faida halisi. Ukitaka kujua duka lenyewe linazalisha nini, jiulize ungemlipa nani na kiasi gani akae mahali pako, uitoe hiyo. Dada alisema asingempata mtu kwa chini ya 250,000. Kutoka kwenye 505,000 zinabaki 255,000, na hiyo ndiyo faida ya mtaji wake. Nyingine ni jasho lake.

Niifanye mara ngapi?

Mauzo kila jioni, stoo na hesabu yote kila mwisho wa mwezi. Mwezi mmoja haukuambii mengi. Mitatu ikikaa pamoja ndipo unaona: faida ghafi ya mchele ikigawanywa kwa mauzo yake ilikuwa shilingi 9 katika 100 mwezi wa tisa, na ilipaswa kuwa 12. Namba hiyo moja ndiyo naitazama kwanza kila mwezi. Ikishuka wakati bei zako hazijabadilika, kuna kilo zinatoka bila hela, rudi kwenye mizani.

Bei ikibadilika katikati ya mwezi, pima stoo siku hiyo hiyo na uhesabu vipande viwili.

Nimenunua maharage mapya ya mavuno, na upungufu umekuwa mkubwa ingawa tunapima vizuri. Kwa nini?

Yamekauka. Maharage yaliyotoka shambani yakiwa na unyevu wa asilimia 16, yakikauka stoo hadi 13, kilo 100 zinakuwa 96 na nusu hivi. Kilo tatu na nusu zimepaa kama mvuke na hakuna wa kumlaumu. Ukinunua kwa 2,400 kwa kilo, gharama yako halisi ni kama 2,485. Yang'ate kabla ya kununua: punje kavu inapasuka kwa sauti, mbichi inabonyea na kuacha alama ya jino. Zikibonyea, shusha bei ya kununua kwa kiasi hicho, au yaanike kwenye turubai siku mbili tatu za jua, uyapime upya, na kilo utakazopata hapo ndizo uandike kuwa zimeingia.